Sliivu au baipasi: anza na kiungulia chako

Nilipofanyiwa sliivu, upasuaji wa tumbo wa kupunguza uzito, nilikuwa na kilo 126, na kwa muda wa miaka mingi nilikuwa nikiamka usiku nikiwa na uchachu kooni, jambo ambalo sikumweleza daktari kwa sababu nililiona dogo kando ya sukari na magoti. Hilo ndilo kosa langu, na ndilo linalonifanya niandike. Wanaoniuliza hapa Kisumu huanza na swali la upasuaji upi kati ya sliivu na baipasi hupunguza kilo nyingi zaidi, ilhali mimi ningeanza na kiungulia.

Katika sliivu, daktari hukata na kuondoa takribani asilimia 80 ya mfuko wa tumbo, akabakiza mrija mwembamba unaofanana na ndizi. Mtu hushiba upesi kwa kuwa nafasi imepungua, lakini si hilo tu, kwani sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi grelini, homoni inayouambia ubongo kwamba una njaa. Katika miezi ya kwanza niliweza kuutazama ugali na samaki mezani bila kutamani kitu, na baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa na kilo 84.

Tatizo la mrija huo ni shinikizo. Mlango wa chini wa tumbo unabaki kama ulivyokuwa, chakula kinaingia katika njia nyembamba isiyotanuka, na asidi inayoendelea kutengenezwa humo hutafuta njia ya juu. Mwaka wa tatu nilikuwa nikilala juu ya mito mitatu, nikikohoa alfajiri, na kumeza omeprazoli mara mbili kwa siku bila nafuu ya kudumu. Nilipopigwa kamera ya kupitishwa kooni, sehemu ya chini ya umio ilionekana ina vidonda. Sikuwa peke yangu: katika utafiti wa Ufini uliowafuatilia wagonjwa wa aina zote mbili kwa miaka 10, uvimbe wa umio ulionekana kwa asilimia 31 ya waliofanyiwa sliivu na asilimia 7 ya waliofanyiwa baipasi.

Kwa hiyo nilirudi kwenye meza ya upasuaji, sliivu ikabadilishwa kuwa baipasi. Hapo daktari hutenga kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takribani vijiko viwili vya mezani, kisha hukata utumbo mwembamba na kuupandisha ili uungwe nacho. Nyongo na maji ya kongosho hukutana na chakula mbali kule chini, zaidi ya mita moja kutoka kwenye kifuko, ndiyo maana haviwezi kurudi kooni kwa urahisi, na kifuko chenyewe hutoa asidi kidogo sana. Wengi hudhani mtu hupungua kwa sababu chakula hakifyonzwi. Kwa kiasi kikubwa ni homoni za utumbo, zinazopanda chakula kinapofika chini mapema, ndizo zinazoleta shibe na kuishusha sukari. Sliivu nayo huziamsha, ila kwa kawaida si kwa nguvu ileile.

Kiungulia kiliondoka, lakini nilibadilisha deni moja kwa jingine. Pale utumbo ulipoungwa na kifuko hapana kinga ya asili dhidi ya asidi, hivyo sigara na dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini huweza kupaletea kidonda. Mwezi wa nne baada ya upasuaji nilienda duka la dawa karibu na soko la Kibuye kwa ajili ya goti. Nikapewa pakiti bila kuulizwa lolote, na nilikuwa nimeshashika glasi ya maji niliposoma neno diklofenaki. Sasa natumia parasetamoli. Madini ya chuma na kalsiamu navimeza kwa saa tofauti, chuma kikiwa mbali na chai, pamoja na vitamini B12 na D, na damu yangu hupimwa kila mwaka.

Jingine ni ngiri ya ndani. Mafuta ya tumbo yanapoisha, nyufa zilizobaki kati ya tandu za utumbo hupanuka, na utumbo unaweza kupenya na kujisokota, hata baada ya miaka kadhaa. Maumivu huja kwa mikazo, mara nyingi baada ya kula, kisha hupoa, na eksirei ya kawaida huweza kuonyesha kila kitu ni shwari; ndipo mtu hurudishwa nyumbani na dawa za vidonda vya tumbo. Anayehitajika ni daktari wa upasuaji na picha ya siti skani.

Kama hujaamua, omba kupigwa kamera ya umio kabla, na useme kiungulia chako chote, hata kile cha usiku. Asiye na kiungulia anaweza kuwa salama na sliivu, hasa akihitaji dawa za maumivu ya viungo kila mara. Mwenye kiungulia kikali au sukari ya muda mrefu amwulize daktari kuhusu baipasi kwanza.

Katika pochi yangu kuna kikaratasi nilichokunja mara mbili: “Nimefanyiwa baipasi. Usinipe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini. Tumbo likiniuma ghafla, mwite daktari wa upasuaji.”