Habari za bei ya dhahabu: sababu au makisio?

"Asubuhi nasoma dhahabu imepanda kwa sababu ya vita, jioni imeshuka na vita bado ipo. Nifuate habari ipi kabla ya kununua?"

Ndugu yangu, usinunue kwa kufuata yoyote kati ya hizo. Chukua tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipoivamia Ukraine. Dhahabu ilipanda hadi karibu dola 1,970 kwa wakia, kisha siku hiyo hiyo ikarudi karibu 1,900. Vita ilikuwa ile ile. Mwandishi hulazimika kuandika sababu kabla ya muda wake kwisha, basi hutazama bei imeelekea wapi, halafu huchagua tukio linalofanana nayo. Wauzaji na wanunuzi ni wengi mno, na hakuna anayewauliza mmoja mmoja kwa nini.

Mimi huangalia saa. Takwimu za ajira za Marekani hutoka saa 2:30 asubuhi ya New York, ambayo kwetu Afrika Mashariki ni saa 9:30 au 10:30 alasiri, kutegemea majira yao. Fungua chati inayoonyesha bei dakika kwa dakika. Bei ikiruka dakika ile ile, na dola nayo ikasogea upande wa pili, sababu hiyo ina uzito. Ikiwa bei ilianza kusogea muda wa saa tatu kabla ya takwimu kutoka, hayo ni makisio. Mwendo wa nusu asilimia mara nyingi hauhitaji sababu yoyote.

Kama fedha hiyo ni ya mkopo au ya ada, ongea kwanza na mshauri wa uwekezaji mwenye leseni.