Sungura mmoja, kamusi mbili

*Mwalimu, shikamoo. Mwanangu anasoma falsafa chuoni. Likizo hii ameniambia kuna mwanafalsafa wa Marekani anayedai kwamba neno la mtu wa lugha ngeni huwezi kujua lina maana gani hasa, na tatizo si uvivu wa kuchunguza, ni kwamba hakuna cha kujua. Mimi nimefanya ukalimani miaka ishirini, mahakamani na hospitalini. Hivi neno kama "sungura" halina maana? Na kamusi basi ni za nini?* (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Mwanao hajasikia vibaya. Mwanafalsafa huyo ni Willard Van Orman Quine, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, na hoja yenyewe aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1960. Wanaoiandika kwa Kiswahili wanaweza kuiita kutobainika kwa tafsiri.

Kwanza nikuondolee jambo ambalo wakalimani hulidhania ndilo. Mgonjwa akikuambia "mkono unaniuma", daktari Mwingereza atakukazia macho akitaka kujua ni kuanzia kifundo kwenda vidoleni au ni huko juu, kwa sababu lugha yake ina maneno mawili pale sisi tulipo na moja. "Sungura" naye ni hivyohivyo: kwetu yule wa kwenye banda na yule wa porini, mjanja wa hadithi, wote ni sungura, na Mwingereza anawatenganisha. Hayo ni maneno kutolingana mipaka, na dawa yake unaijua: unamwomba mgonjwa aonyeshe panapouma. Jibu lipo, unalifuata. Quine anaanza pale ambapo umeshauliza kila kinachoulizika na majibu yote unayo.

Mfano wake ni huu. Mtaalamu wa lugha amefika kwa watu ambao lugha yao haijawahi kutafsiriwa. Hana mkalimani wala lugha ya kati. Sungura anakatiza mbele yao na mwenyeji anasema "Gavagai!" (neno hili Quine alilibuni, usilitafute kwenye ramani). Mtaalamu anaandika kwenye daftari: sungura. Siku zinazofuata kila akiona sungura anauliza "Gavagai?" na mwenyeji anakubali, akiona mbuzi anauliza tena na mwenyeji anakataa.

Hata hapo penye kukubali na kukataa pana mtego. Muulize Mswahili "Hujala?" naye akiwa na njaa atakujibu "Ndiyo", maana anakubaliana na ulivyouliza. Mgeni aliyezoea Kiingereza ataondoka akiamini mtu ameshiba. Lakini tumpe mtaalamu wetu bahati, tuseme hilo amelivuka.

Quine anamuuliza: umejuaje kwamba "gavagai" ni mnyama mzima? Huenda linataja viungo vya sungura vikiwa bado mwilini. Huenda linataja kipande cha muda cha sungura, yaani sungura wa dakika hii, ambaye si sungura wa dakika ijayo. Au huenda ni usungura, kitu kimoja kilichotapakaa duniani na kujitokeza hapa na pale. Kila ukionyesha kidole sungura mzima, umeonyesha pia viungo vyake, dakika yake hii, na usungura ulipojitokeza. Kidole hakichagui.

Utasema: aulize idadi basi. Sungura mmoja ana viungo vingi, akijibiwa "mmoja" mambo yamekwisha. Hapa ndipo Kiswahili chenyewe kinapotusaidia kuona Quine alikuwa anavuta wapi. Tujifanye sisi ndio wenyeji, na wageni wawili wanaandika kila mmoja kamusi yake ya lugha yetu.

Wanasikia "ng'ombe mmoja", "ng'ombe watano". Mgeni wa kwanza anaandika kama ambavyo ungeandika wewe: ng'ombe ni mnyama yule, -tano ni idadi, na wa- ni upatanisho wa kisarufi tu. Mgeni wa pili anagundua kwamba neno "ng'ombe" halibadiliki kabisa, awe mmoja au mia. Linakaa kama "mchele" au "maziwa". Kinachobadilika ni kile kiambishi cha mbele ya idadi. Kwa hiyo anaandika: "ng'ombe" ni jina la kitu kisichohesabika, ung'ombe, na wa- ndicho kipimo, kama "punje" kwenye mchele au "glasi" kwenye maziwa. "Ng'ombe watano" kwake ni "ung'ombe, vichwa vitano". Ukimuuliza vipi kuhusu "watu", ambapo nomino yenyewe inabadilika, atakuonyesha mtu, kitu na utu, kisha atakuambia kwamba -tu ndiyo mali ghafi na kiambishi ndicho kinachoikata vipande. Ni mbishi, lakini si mjinga. Quine mwenyewe, katika mihadhara aliyoitoa mwaka 1968, alifanya mchezo huuhuu na maneno ya Kijapani ya kuhesabia, na mfano wake ulikuwa ng'ombe watano.

Sasa nenda kwenye banda la chipsi jioni usikilize. Mhudumu anapaza sauti kwa mpishi: "Kuku mbili, chipsi moja!" Anataka sahani mbili. Asubuhi yake, mtu huyohuyo alinunua sokoni "kuku wawili", nao walikuwa na manyoya. Wapo wanaosema "wawili" kotekote, lakini tofauti hii nimeisikia mara nyingi kiasi cha kuacha kuikosoa. Kamusi ya kwanza italazimika kusema "kuku" ina maana mbili, ndege na nyama. Kamusi ya pili inatabasamu: kuku ni kuku tu, wa- inapima kwa vichwa, na upatanisho ule mwingine unapima kwa sahani. Nadhani hapa mgeni wa pili ana maelezo mazuri kuliko ya kwetu.

Na kamusi zote mbili zinafanya kazi. Shahidi akisema "aliiba ng'ombe watano", mkalimani wa kamusi ya kwanza na wa ya pili watamfikishia hakimu madai yaleyale, zizi lilelile, hasara ileile. Hakuna swali utakalomuuliza shahidi ambalo moja italijibu vizuri na nyingine ishindwe, kwa kuwa swali lenyewe nalo litatafsiriwa na kila kamusi kwa njia yake. Ukiuliza "Je, huyu ni yuleyule wa jana?", mwenye kamusi ya vipande vya muda atasema "ni yuleyule" kwetu maana yake ni "ni kipande cha maisha yaleyale". Dai zima liko hapo: mambo yote ya watu wanavyosema na kutenda yakishajulikana, bado hayachagui kamusi moja, na nje ya hayo Quine haoni ukweli mwingine uliojificha wa kuchagua.

Pingamizi ninalolipenda ni la Gareth Evans, mwanafalsafa Mwingereza, aliyeliandika mwaka 1975. Yeye anasema acha kuhesabu, tazama neno linavyoungana na sifa. Chukua sungura wa kahawia mwenye mkia mweupe. Muulize Mswahili yeyote: "Huyu ni sungura mweupe?" Atakuambia hapana, mkia tu ndio mweupe. Kama "sungura" lingekuwa jina la kiungo cha sungura, basi pale mbele yetu kipo kiungo cheupe, na jibu lilipaswa kuwa ndiyo. Mwenye kamusi ya viungo anaweza kujitetea kwa kuandika kwamba "-eupe" katika lugha hii maana yake ni "-a mnyama aliye mweupe kwa jumla". Haya, na "mkia mweupe" je? Mkia ule uko kwenye mnyama wa kahawia, na tumeuita mweupe. Ataongeza kwamba neno likitaja mkia, sheria ni nyingine. Na "nyumba nyeupe"? Nyingine tena. Kamusi yake inajaa viraka, na kila kiraka kinawapa wasemaji utaratibu ambao hakuna dalili kwamba wanaufuata.

Watetezi wa Quine hujibu kwamba viraka si kosa. Urahisi wa kamusi ya kwanza ni starehe ya mwandishi wake, na starehe ya mwandishi si ukweli kuhusu msemaji. Mwanaisimu Noam Chomsky naye aliuliza kwa nini mtafsiri aonewe peke yake, maana hata fizikia huenda mbali kuliko ushahidi wake na hatusemi hakuna ukweli kuhusu atomi. Quine alishikilia kwamba ni tofauti: ukishachagua fizikia yako na kuijaza mambo yote yaliyopo, bado kamusi mbili zinasimama pamoja.

Mimi nasimama katikati, na si kwa uoga. Kamusi ya viungo naitupa. Evans ameiua kwangu, kwa sababu namna watu wanavyounganisha maneno ni tabia yao kama tabia nyingine yoyote, na maelezo yanayoizungukia kwa viraka ni maelezo mabaya. Kamusi ya ung'ombe siwezi kuitupa kwa njia hiyo. Haina viraka. Inasoma upatanisho wa ngeli kwa namna tofauti na ninavyousoma darasani, na nikijaribu kumshinda mgeni wa pili kwa sentensi ya Kiswahili, kila ninayoipata anaitafsiri bila kutoka jasho. Ukinibana niseme ni kipi kichwani mwangu kinachoamua kwamba nikitamka "ng'ombe" namtaja mnyama mmojammoja na si ung'ombe, sina cha kukuonyesha.

Kuhusu kamusi zako, usiziuze. Hakuna aliyewahi kuandika kamusi ya Kiswahili katika hali ya yule mtaalamu wa Quine. Mmisionari Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake ilichapwa mwaka 1882, aliingia Mombasa mwaka 1844 akiwa tayari anajua Kiarabu, katika mji ambao Kiarabu kilisomwa. Alikuwa na daraja tangu siku ya kwanza. Swali la nani alijenga daraja la kwanza kabisa, na kama angeweza kulijenga kwa namna nyingine, ndilo la Quine, na halimhusu shahidi wako wa kesho asubuhi.

Mwanao akirudi chuoni, mpe kazi hii aende nayo: atafute sentensi moja ya Kiswahili, yenye ng'ombe au kuku ndani yake, ambayo kamusi ya mgeni wa pili haiwezi kuipitisha bila kiraka. Akiipata anitumie. Mimi nimejaribu na "kila ng'ombe ana pembe zake", nikadhani nimemkamata, kisha akanijibu kwamba "kila" nayo ni kipimo.