Sekunde 40 nilizotaka kuzifuta

Nalima nyanya robo ekari nje kidogo ya mji wa Busia, upande wetu wa Uganda, na video zangu natengeneza kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya soko hapa mpakani. Nyumbani tunazungumza Kisamia, lakini ukitaka kuuza boksi la nyanya kwa mtu wa ng'ambo, Kisamia hakikufikishi mbali.

Video ninayotaka kuizungumzia ilikuwa ya dakika 11. Nia yangu ilikuwa kuonyesha jinsi ninavyosimika miti na kufunga nyanya zisilale. Nikavaa shati safi, nikachagua tuta zuri kuliko yote. Nilipokuwa nikivuka kwenda tuta la pili, simu ikapita juu ya mashina sita yaliyolegea kama yamemwagiwa maji ya moto. Nikasikika nikisema, "Hizi achana nazo, zimepigwa na jua," nikaendelea na safari. Usiku nilitaka kukikata kipande hicho. Simu ilikuwa imejaa, programu ya kuhariri ikawa inakwama kila nikigusa, basi nikakiacha kama kilivyo.

Siku tatu baadaye nikafungua YouTube Studio. Zamani nilikuwa naangalia idadi ya watazamaji tu, nikiona 300 nafurahi, nikiona 90 nanuna. Safari hii nikaingia kwenye Analytics ya video yenyewe, nikashuka mpaka panapoandikwa "Key moments for audience retention". Pale kuna mstari unaoanzia juu kushoto na kushuka kwenda kulia. Kila nukta ya mstari huo inakuambia ni asilimia ngapi ya watu waliokuwa wakitazama sekunde ile. Kushuka polepole ni kawaida, hakuna video isiyopoteza watu. Mstari ukidumbukia ghafla, watu wameondoka au wameruka mbele. Ukipanda, wamerudi nyuma kutazama tena, au wamerukia hapo moja kwa moja.

Wangu ulidumbukia kabla ya sekunde ya 30, wakati nikisalimia na kushukuru. (Bando hapa lina kodi ya 12% tangu Julai 2021. Nani akuvumilie ukimsalimia dakika nzima kwa pesa yake?) Ukaendelea kushuka nilipokuwa nafunga kamba. Halafu kwenye dakika ya 6 na sekunde 10 ukainuka kama kichuguu, ukakaa juu sekunde 40 hivi, ukaanguka tena. Nikaisogeza video mpaka pale, nikakuta yale mashina sita.

Mtu wa kwanza kunielewesha alikuwa mzee jirani yangu, aliyelima nyanya kabla sijazaliwa. Nilimwonyesha kile kipande. Akacheka. "Kijana, jua halichagui shina. Hilo tuta lote liko juani, mbona yamelala sita tu?" Na mimi moyoni nilikuwa najua. Wiki mbili nzima nilikuwa nikipulizia mankozebu niliyouziwa dukani kama dawa ya kila kitu, na kila baada ya siku mbili tatu linalala shina jingine.

Nikaangalia pia maneno ambayo watu walikuwa wameandika kwenye utafutaji wa YouTube hadi wakafika kwangu. Hakuna aliyeandika habari za kufunga nyanya. Waliandika "nyanya kunyauka ghafla", "nyanya kukauka zikiwa kijani". Hapo nikaona kwamba mstari na maneno vinasema jambo moja. Ushauri wangu: usiuamini mstari peke yake. Kama watazamaji wako ni 40, watu watatu tu wanaweza kukuchorea kichuguu. Tafuta ushahidi wa pili.

Video iliyofuata nikaanza na shina lililokufa, bila salamu. Nilichofanya ni kipimo alichonifundisha yule mzee. Nilichagua shina lililonyauka majani yakiwa bado kijani, nikakata kipande cha urefu wa kidole kutoka chini karibu na udongo, nikakining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji safi, ncha iliyokatwa ikigusa maji. Glasi ilikuwa ya mama, ile ya wageni. Ukishaining'iniza, usiitikise. Baada ya dakika chache uzi mweupe kama maziwa ukaanza kuteremka kutoka kwenye kidonda. Hao ni bakteria. Ugonjwa ni mnyauko wa bakteria, na mankozebu ni dawa ya ukungu, kwa hiyo nilikuwa nazitia nyanya manukato. Majani yakianza kugeuka manjano kutoka chini, na glasi isitoe kitu, huenda ni mnyauko wa ukungu, nao una njia yake.

Nikasema wazi kwenye kamera kwamba hakuna dawa ya kuponya shina lililokwisha kupata. Unaling'oa pamoja na udongo wa mizizini, unalichoma mbali na shamba, unaziba mfereji usipeleke maji kwenye matuta mengine, unaosha panga kwa jiki kabla ya kugusa shina jingine. Na tuta lile halipandwi nyanya, ntula, biringanya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu mingi, maana bakteria hubaki udongoni. Mahindi yanafaa.

Watu walikaa kuliko video zangu zote za nyuma. Kichuguu kikubwa kilikuwa pale kwenye glasi, nikajisifu kwamba wamependa. Nilipotazama tena nikagundua kivuli cha mkono wangu kimefunika glasi sekunde zile zile. Walikuwa wanarudi nyuma kwa sababu hawaoni! Kwa hiyo kichuguu si makofi kila mara. Kitazame kwa sauti na picha kabla hujafurahi. Nilirekodi upya nikiwa nimeweka kitambaa cheusi nyuma ya glasi, ule uzi mweupe ukaonekana vizuri.

Kosa langu lililofuata lilitokana na tamaa. Nikadhani watu wanataka tu kuniona nikiumia. Pampu ya maji ilipoibwa nikatengeneza dakika 9 za kulalamika, uso umekunjamana kweli kweli. Mstari ulianguka kama jiwe kisimani. Nilipozichambua video zote mbili nikaona tofauti: ya nyanya walikaa pale nilipokuwa nikikata, nikipima, nikitaja nilipokosea. Ya pampu haikuwa na kitu ambacho mtu angeweza kwenda kukijaribu shambani kwake.

Kuna gharama nayo niitaje. Mama mmoja anayenunua nyanya zangu kupeleka ng'ambo aliniuliza, "Mwanangu, hizo za kwenye video ndizo unazoniletea?" Nilimweleza kwamba mnyauko huo haumdhuru mlaji, na kwamba mashina yale nilikwisha kuyachoma. Alinisikiliza, kisha akapunguza bei ya kila boksi. Tangu hapo, kila nikionyesha kilichoharibika, nataja tarehe, nataja tuta, na naonyesha matuta mazima yaliyobaki kabla sijazima simu.

Lile tuta sasa lina mahindi. Mama amenunua glasi nyingine ya wageni, na ile ya kwanza ameiandika kwa rangi ya kucha: SHAMBA.