Mama mkwe anaona nimekaa tu na kompyuta

*Shangazi, ninaishi Katuba, Lubumbashi, na mume na watoto wawili. Kazi yangu naifanyia nyumbani: naandika mazungumzo yaliyorekodiwa kwa Kifaransa, kwa ajili ya kampuni moja ya Montreal. Faili inaingia usiku, ya dakika 45 hivi, na nairudisha kesho yake kabla ya saa tisa alasiri. Jumanne tuna mkutano saa hiyohiyo. Mama mkwe alikuja kutoka Likasi miezi miwili iliyopita. Ananiita kila mara, na nikichelewa kuitika anasema namdharau. Juzi kazi ilichelewa. Nimwambie nini bila kumvunjia heshima?*
— Mama wa Wawili

Mwanangu,

Tuanze na hesabu. Mwandishi wa sauti, hata aliyezoea, hutumia karibu saa nne kwa kila saa moja ya rekodi. Kwa hiyo dakika zako 45 ni saa tatu za kusikiliza, kurudisha nyuma na kusikiliza tena. Ukiitwa katikati ya sentensi, ukirudi hukumbuki hata ni nani alikuwa anasema. Lakini saa tatu si siku nzima. Kama umekuwa ukiomba utulivu kutoka asubuhi hadi alasiri, nyumba yenye watoto na mzee haiwezi kukupa.

Faili iko tayari tangu usiku, basi igawe. Fanya saa moja na nusu kuanzia saa kumi na moja alfajiri, wote wakiwa wamelala, na saa moja na nusu nyingine kuanzia saa mbili, watoto wakiwa shuleni. Saa tatu na nusu umemaliza. Chaji kompyuta jioni umeme ukiwepo, maana delestaji haikupigii hodi. Siku ikiharibika, bado una nafasi hadi saa tisa.

Sasa mama mkwe. Neno la kwanza lisitoke kwako. Litoke kwa mwanawe, jioni baada ya bukari, wewe ukiwa umekaa hapo. Mimi nilijisemea mwenyewe kwa wakwe zangu zamani, nikiwa nashona nyumbani, na maneno yangu mazuri yalifika kama amri ya mkaza mwana. Ilichukua mwaka kuyafuta.

Mume wako asitaje mshahara. Ukitajwa leo, Jumapili ndugu wote wa Likasi wanaujua. Ataje kile mama anachokiona kwa macho: gunia la makala, minervali ya watoto. Halafu wewe umwonyeshe kazi. Usimfungulie rekodi ya wateja, hiyo ni siri yao. Chukua ujumbe wa sauti aliotumiwa yeye na dada yake, mkae pamoja, uandike dakika moja neno kwa neno huku anakutazama. Ataona mkono unavyorudisha sauti nyuma mara kumi. Mvishe na zile spika za masikioni, kisha mume amwite kutoka jikoni. Asiposikia, ataelewa kwa nini na wewe huitiki.

Kisha mpe saa zake, zitaje wazi: "Mama, kuanzia saa nne mimi ni wako, twende soko pamoja." Tundika kitenge kwenye mlango unapofanya kazi, ukitoe saa tatu na nusu kamili. Ukikiacha hadi saa tano siku moja tu, hatakiamini tena.

Kwa wiki moja andika kila anapokuita anataka nini. Nadhani utakuta ni ufunguo wa stoo, chumvi, mafuta. Hivyo vitoe usiku, uviweke mkononi mwake. Lakini kama anaita na hakuna anachohitaji, au anaanza kumtuma mtoto abishe mlango, basi shida yake ni upweke. Ameacha majirani wake wote Likasi. Mtafutie mama wa umri wake hapo mtaani, au kikundi cha akina mama kanisani, na asubuhi yake itapata pa kwenda.

Kuhusu Jumanne, jihadhari na jambo moja. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, Montreal iko nyuma yetu kwa saa 6, ndiyo maana saa tatu yao ya asubuhi ni saa tisa yetu. Jumapili ya kwanza ya Novemba wanarudisha saa nyuma na tofauti inakuwa 7. Mkutano utaangukia saa kumi. Mama akiwa ameshaishika saa tisa kichwani, halafu akukute umekaa tu saa hiyo, kisha umejifungia saa kumi, atadhani ulimdanganya. Mwambie wiki moja kabla, na Machi umwambie tena.