Klipu ya mabibo ilitazamwa mara 41,000, lakini siyo iliyopandisha video ndefu

Wadogo zangu mnaoanza chaneli, niwape kisa cha kwangu Newala. Nina chaneli ya kilimo cha korosho YouTube. Video ninayoitegemea ni ya dakika 14, inaonyesha namna ya kupulizia dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua ya mkorosho. Juni mwaka jana nilitoa klipu ya vijana wakikamua mabibo, yale matunda ya mkorosho, niliyoirekodi msimu uliotangulia, huku wakitaniana. Ndani ya wiki ilitazamwa mara 41,000. Wiki hiyo hiyo video ya dawa nayo ikapanda, nikajua klipu imeleta watu. Nikatoa nyingine mbili za mabibo.

Nilikosea, na kosa lenyewe ni rahisi kulifanya. Juni ndipo maua yanaanza na wakulima wanahangaika na salfa. Nilipofungua YouTube Studio na kutazama sehemu ya Traffic source ya ile video ndefu, nikaona ongezeko karibu lote limetoka YouTube search: watu walioandika wenyewe "dawa ya ubwiriunga". Wangekuja hata kama nisingetoa klipu. Kwa hiyo msiweke idadi ya klipu kando ya idadi ya video ndefu mkasema moja imeizaa nyingine. Anzieni kwenye video ndefu, mwulizeni kila mgeni alipitia mlango gani.

Ili mlango wa klipu uonekane, lazima kwanza muujenge. Kiungo ulichobandika kwenye maelezo au maoni ya klipu za Shorts hakibofyeki. YouTube waliviondolea uwezo huo Agosti 2023. Kinachofanya kazi ni Related video: unafungua klipu ndani ya Studio, kwenye maelezo yake unachagua video ndefu, na jina lake linatokea juu ya klipu mtazamaji akiitazama. Usipoiona nafasi hiyo, huenda akaunti yako bado haijaruhusiwa vipengele vya juu. Maliza uthibitisho kwanza.

Mimi nilipima hivi. Wiki ya kwanza klipu ya mabibo peke yake ndiyo niliyoiunganisha na video ya dawa. Wiki ya pili nikaondoa kiungo hicho, nikatoa klipu nyingine ya sekunde 38: shada la maua lenye unga mweupe, mkono wangu unalipangusa, kisha mashine ya kupulizia inawashwa na klipu inakatika kabla sijasema kipimo cha dawa. Klipu moja kwa wakati mmoja, la sivyo hujui nani kaleta nani.

Upande wa klipu sikuhesabu jumla ya kutazamwa. Tangu Machi 31, 2025 Shorts inahesabiwa mara tu inapoanza kucheza, hata mtu akiipitisha kwa kidole papo hapo. Nilichukua Engaged views, yaani waliobaki kidogo. Mabibo ilikuwa na 22,000, ya maua 2,100. Waliobofya kiungo? Mabibo 60, maua 97.

Hapo wengi wangefunga daftari. Tazameni pia wastani wa muda wa waliopitia mlango huo. Waliotoka kwenye mabibo walikaa sekunde 35 wakaondoka. Walitaka kucheka, wakakutana na mtu anapima salfa. Wa klipu ya maua walikaa dakika 5 na sekunde 50. Ukizidisha, mabibo yote yale yameniletea kama dakika 35 za kutazamwa, na klipu ndogo zaidi ya 560. Mabibo ilichekesha tu. Siichukii, lakini nimeacha kuihesabu kama tangazo.

Kipimo hiki kina tundu lake. Huku kwetu mtu anaangalia klipu mchana kwa bando la kubana, anasema video ya dakika 14 ataifungua akipata kifurushi cha usiku. Usiku anaitafuta kwa jina la chaneli au anaikuta kwenye ukurasa wa mwanzo, na Studio haitamwandika chini ya kiungo. Ndiyo maana ninatazama pia maneno yaliyoandikwa kwenye utafutaji: jina la chaneli yangu likiongezeka siku tatu nne baada ya klipu, hao nawapa klipu. "Dawa ya ubwiriunga" nauachia msimu.

Baada ya wiki ya pili nilikaa siku 14 bila klipu yoyote. Utafutaji wa dawa haukushuka. Wa jina la chaneli ulishuka karibu nusu, na hapo ndipo niliporudi shambani kurekodi maua mengine.