Mumeo Anafuta Meseji kwa Sababu Anakujua

*Shangazi, shikamoo. Niko Morogoro na watoto watatu, mume wangu yuko Dar anaendesha daladala. Miezi miwili sasa kila usiku naona anaandika, anaandika, dakika kumi nzima, halafu inaingia "lala salama". Wiki iliyopita aliandika, "Mke wangu kuna jambo la hela nataka tuongee, usikasirike." Nikamjibu, "Jambo gani tena? Safari hii umefanya nini? Sema sasa hivi!" Akaifuta. Kesho yake akauliza hati ya kiwanja nimeiweka wapi, nayo akaifuta. Zamani alinitumia elfu hamsini kila Jumamosi, sasa elfu ishirini, tena hatumi kwa simu yake, inatoka kwa wakala. Mimi sina mdomo, Shangazi. Ila najua ni mwanamke, hata dada zangu niliowatumia skrinshoti wamesema hivyo hivyo. Nifanyeje aseme ukweli?*
*Mama Watatu, Morogoro*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku wa kukodolea simu macho. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimejikuta niko upande wa mumeo.

Tuanze na huyo mwanamke. Mwanamume anayehonga hamwandikii mkewe "kuna jambo la hela, usikasirike". Anatunga safari, anatunga gari bovu. Tazama hela inapotokea. Mtu akikopa kwenye simu akashindwa kulipa kwa wakati, mara nyingi hela inayoingia kwenye akaunti yake hukatwa papo hapo kufidia deni. Ndiyo maana anamkabidhi wakala noti mkononi, ziwekwe moja kwa moja kwenye namba yako. Elfu ishirini yako inapita kando ya simu yake ili isimezwe. Jumlisha na hati ya kiwanja aliyoiulizia, na matumizi yaliyopungua bila kukatika. Mimi naona deni, mwanangu, na naona mtu anayehangaika watoto wale kabla ya mdai.

Sasa kwa nini hasemi? Unasema huna mdomo, lakini maneno yako mwenyewe yanakukana. Umeandika "tena". Umeandika "safari hii". Kwa hiyo kulikuwa na safari nyingine, akasema, na kilichompata siku hiyo hajakisahau. Mtu mwenye aibu hatumi habari yake yote kwa mkupuo. Anatanguliza sentensi moja ndogo, kama mtu anayechovya kidole cha mguu kwenye maji ya mto asioujua. Sentensi yenyewe haina kiasi wala jina la mdai. Anachopima ni jibu lako. Wewe ukamwagia maswali mawili na amri moja, akatoa mguu.

Kisha zile skrinshoti. Hapa nitakusema hadi unichukie. Neno la mdomoni likishasemwa limepita, lakini neno lililoandikwa linabaki, linahama simu hadi simu, linasomwa na shemeji jikoni. Mumeo huenda hajui kuwa dada zako wameisoma meseji yake, lakini anajua kwamba wewe ni mtu wa kuwatumia. Kila anapoandika dakika kumi haandiki kwa ajili yako peke yako. Anajaribu kutafuta sentensi ambayo hata wakwe wakiisoma atabaki mwanamume. Haipo sentensi kama hiyo, ndiyo maana anaifuta. Ndoa za siku hizi zimejaa watu wa tatu wasioonekana. Zamani mtu akitaka kumwaga siri ya mwenzake ilimbidi avae kanga, avuke mtaa, abishe hodi, na njiani angeweza kupata akili akarudi. Leo ni kidole kimoja. Mkishatumiana siri zenu kwenye makundi, msishangae mnaishi na watu wanaosema "lala salama" tu.

Najua mtanijibu kwamba mficha uchi hazai. Ni kweli. Lakini mkunga aliyeonyeshwa uchi huo hatoki nje kuwasimulia wapita njia.

Jambo hili nalijua kwa kazi kabla sijalijua kwa ushauri. Nilikuwa muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilikaa kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Tukimuuliza mgonjwa, "Umewahi kuacha dawa?" karibu wote walijibu hapana, macho chini. Tukafundishwa kuuliza hivi: "Watu wengi wanaomeza dawa kila siku hupitiwa. Wewe siku saba hizi umepitiwa mara ngapi?" Mtu yule yule anasema mara mbili. Dawa ni ile, mgonjwa ni yule, ila swali la kwanza lilimtaka akiri kosa na la pili lilimtaka atoe hesabu tu. Wanaopita nyumba kwa nyumba kuuliza kipato nao wanalijua hili. Ukiuliza kiasi kamili wengi wanaruka swali, ukiwapa viwango wachague, wengi zaidi wanajibu. Kiwango kinampa mtu pa kujificha kidogo huku akisema kweli.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, usimhoji tena kuhusu ile meseji iliyofutwa. Usimuulize "ulifuta nini?" Swali hilo linamgeuza mtuhumiwa, na atakachojibu ni uongo ambao kesho atalazimika kuulinda.

Pili, lipa deni lako kabla ya kuuliza la kwake. Waambie dada zako wafute, kisha mwandikie: "Baba Watatu, ile meseji yako ya hela niliwaonyesha dada zangu. Nilikosea. Wameifuta, na ya kwako sitampelekea mtu tena. Huna haja ya kunijibu." Utaniambia hajui, kwa nini ujichome? Kwa sababu dada mmoja siku moja atateleza ulimi, na akiyasikia huko hutamrudisha. Na lile "huna haja ya kunijibu" usilichezee. Likiandikwa liwe kweli. Akikasirika, pokea. Akinyamaza, acha siku mbili tatu zipite, muongee watoto na mvua.

Baada ya hapo ndipo umkaribishe, na saa uichague. Dereva wa daladala hana moyo wa kuongea deni kabla hajapeleka hesabu kwa tajiri. Subiri saa tatu, saa nne usiku, ameoga, amekula. Andika ujumbe mmoja mfupi: "Siku hizi watu wengi barabarani wamebanwa na mikopo. Kama na sisi tumo, nitajie ukubwa tu: 1 ni chini ya laki tano, 2 ni laki tano hadi milioni, 3 imepita hapo. Leo sitauliza la pili." Halafu weka simu chini. Usikae ukitazama kama anaandika, maana ukikaa utashindwa, utaongeza "mbona kimya?" na utaharibu kila kitu. Kuandika namba moja ni rahisi kuliko kuandika "nimekopa", na aibu inahitaji mlango mdogo kiasi hicho.

Akijibu 2, jibu lako ni hili: "Nimekusikia. Asante kwa kuniambia. Tutalipanga." Nukta. Usiulize kwa nani, lini, wala kwa nini hukuniambia. Na ujue kwamba kiasi cha kwanza anachotaja mwenye aibu mara nyingi ni sehemu tu. Akisema 1, moyoni jiandae kwa 2. Kikiongezeka wiki ijayo usimwite mwongo. Anakuletea mzigo vipande vipande, anaangalia kama bado umesimama.

Asipojibu kabisa, hiyo meseji usiirudie. Badilisha mlango. Ilipoanza treni ya umeme mwaka 2024, nauli ya kawaida ya Dar na Morogoro iliwekwa shilingi 13,000, na safari huchukua muda wa kama saa mbili. Mfuate siku ya mapumziko yake bila watoto. Msikae kutazamana kama barazani kwa mjumbe. Tembeeni, au mkae kando kwa kando mkimenya kitu, macho yawe na kazi nyingine. Wanaume wengi husema mambo mazito wakiwa wanatazama mbele.

Akishasema, chukueni daftari: kila mdai, kiasi alichochukua, kilicholipwa, kilichobaki, siku ya kulipa. Uliza hasa kama yumo kwenye kausha damu au kwenye zile programu za mikopo za simu zinazowatumia ndugu na marafiki wa mkopaji meseji za kumdhalilisha. Benki Kuu ilitangaza 69 kati ya hizo Novemba 2024 kwamba zinafanya kazi bila leseni. Kama yumo humo, basi kilio chake ni kwamba mama yako atatumiwa meseji hizo za kumdhalilisha kabla wewe hujaambiwa. Sasa umeelewa alichokuwa anakihangaikia usiku?

Upole una mipaka miwili. Wa kwanza ni hati. Kama nyumba yenu iko kwenye hicho kiwanja, Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja wenu kuiuza au kuiweka rehani bila idhini ya mwenzake. Usisaini chochote mpaka lile daftari limejaa. Mwambie kwa sauti ya chini, "Hati ipo salama, tutaitoa tukishaona hesabu yote pamoja," na usirudi nyuma.

Mpaka wa pili ni wa uhai. Ukiona ujumbe, hata ukafutwa, wenye maneno ya kuaga, "nisamehe kwa yote", "watunze watoto", "mngekuwa heri bila mimi", hapo sahau namba 1, 2, 3 na sahau siri niliyokuhubiria. Piga simu usiku huo huo, umuulize wazi kama anafikiria kujiua, kwa sababu kumuuliza hakumpandikizii wazo. Asipopokea, mwamshe konda wake au jirani yake, aende akagonge mlango na akae naye mpaka ufike.

Leo hii usimwandikie lolote la hela. Anza kwa dada zako, mmoja mmoja, uone kwa macho yako wamefuta. Yule aliyekwambia kwa uhakika "ana mwanamke" muulize pia amempelekea nani.