Mashine ya vidole ikizima: daftari la dharura na namna ya kulilinganisha na kumbukumbu za mashine

Maelezo haya nawaandikia makarani wapya wa mahudhurio na mishahara, hasa wale walioajiriwa katika viwanda vya zamu, ambako mashine ya alama za vidole hufungwa getini na umeme wa getini mara nyingi haumo katika mtandao wa jenereta. Mashine inapozima, wafanyakazi hawaachi kuingia na kutoka, na kila dakika isiyoandikwa wakati huo itakuja kubishaniwa mwisho wa mwezi.

Kwanza tambua ni hitilafu ya aina gani. Kama mashine inawaka na inakubali vidole lakini imepoteza mawasiliano na kompyuta ya ofisini, hakuna haja ya daftari, kwa kuwa kumbukumbu zinabaki ndani yake na zitavutwa baadaye kwa waya au kwa flashi. Ukifungua daftari katika hali hiyo unajitengenezea kumbukumbu mbili za kila mtu bila sababu. Kama ni vidole vya watu wachache tu vinavyokataliwa, kwa mfano mafundi ambao ngozi imelika kwa saruji, hao ndio waandikwe, wengine waendelee kutumia mashine. Daftari la watu wote hufunguliwa pale mashine inapokuwa haina uwezo wa kuandika chochote.

Daftari lenyewe liwe na kurasa zenye namba zilizochapwa, na kila mstari uwe na namba yake, namba ya mfanyakazi, jina, kuingia au kutoka, saa, na sahihi. Kwenye mstari wa kwanza mlinzi anaandika saa mashine ilipozima na saa ipi inayotumika kuandikia, yaani saa moja tu ya ukutani, wala si simu ya kila anayepita. Watu wanaandikwa kwa mfuatano wa kufika. Usikubali karatasi iliyochapwa majina mapema kwa alfabeti, ingawa inaonekana nadhifu, kwa sababu mfuatano wa kufika ndio utakaokusaidia kugundua makosa. Mstari hauachwi wazi, na kosa hukatwa kwa mstari mmoja unaoruhusu maandishi ya awali kusomeka, kisha mlinzi anatia sahihi pembeni.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni namna ya kuandika saa. Mlinzi mmoja ataandika 08:40, na mwenzake aliyempokea ataandika 2:40 kwa sababu kwake ni saa mbili na dakika arobaini asubuhi, na wote wawili wako sahihi. Tatizo linaanza karani anapoingiza 2:40 kwenye kompyuta kama ilivyo, maana programu itaisoma kuwa ni usiku wa manane. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ya Tanzania, kazi ya kati ya saa 20:00 na 06:00 huongezewa asilimia 5, na saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mtu aliyechelewa dakika arobaini anaweza kuonekana anadai saa kadhaa za usiku. Chapisha juu ya kila ukurasa maneno "andika kwa mtindo wa saa 24", na uweke mfano mmoja chini yake. Hata hivyo usitegemee maelekezo peke yake, bali soma mfuatano: 2:40 iliyo kati ya mstari wa 08:12 na ule wa 08:55 haiwezi kuwa kitu kingine zaidi ya 08:40.

Sasa tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Kiwanda cha mafuta ya alizeti kina zamu ya usiku ya 22:00 hadi 06:00 na ya asubuhi ya 06:00 hadi 14:00. Umeme wa getini unakatika saa 05:40 na kurudi saa 09:10. Matokeo yake, watu wa usiku waliingia kwa kidole na wametoka kwa daftari, ilhali wa asubuhi wameingia kwa daftari na watatoka kwa kidole. Kila mmoja ana nusu huku na nusu kule, na kazi ya ulinganisho ni kuziunganisha nusu hizo. Kutoka kwa mtu wa usiku kuhesabiwe kwenye tarehe aliyoanzia zamu, la sivyo programu itamwonyesha ana kuingia kusiko na kutoka jana, na kutoka kusiko na kuingia leo.

Utakuta pia waliowahi wakaweka kidole saa 05:36, kisha mlinzi akawaandikisha tena pamoja na wenzao. Hapo kumbukumbu ya mashine ndiyo inayobaki, na mstari wa daftari unawekewa alama ya kujirudia bila kufutwa.

Umeme uliporudi, betri ndogo ya ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na saa yake ikaanza upya tarehe 1 Januari 2000. Jambo hili hutokea kwa baadhi ya mashine, na hudhuru kimyakimya, kwa kuwa mashine inapokea vidole kama kawaida, lakini unapotoa ripoti ya mwezi huu kumbukumbu hizo hazimo kabisa. Kinga yake ni kidole cha majaribio: msimamizi wa zamu anaweka kidole chake mara mashine inapowaka na kuandika kwenye daftari saa ya ukutani wakati huo huo. Kwa mfano wetu ukuta ulisoma 09:12 na mashine ikaandika 00:01, hivyo tofauti ni saa 9 na dakika 11. Saa ya mashine ilirekebishwa 11:30. Fundi aliyetoka kwa ruhusa katikati ya hapo anaonekana ametoka 01:05 ya mwaka 2000, na ukiongeza tofauti unapata 10:16 ya leo.

Faili ghafi la mashine usiliguse. Marekebisho yote yaingizwe kama kumbukumbu za mkono, kila moja ikiwa na sababu, namba ya ukurasa na namba ya mstari, na anayeidhinisha asiwe ndiye aliyeingiza. Fanya hivyo kesho yake, wakati mlinzi na msimamizi bado wanakumbuka. Ukiona ukurasa ambao watu wote wameingia 06:00 kamili, kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, ujue uliandikwa baadaye kwa kukumbuka. Watu halisi hufika 05:51, 05:53, 06:04. Ukurasa wa namna hiyo upelekwe kwa msimamizi wa zamu authibitishe mtu mmoja mmoja kabla ya kuingizwa.

Mwisho linganisha orodha ya zamu, ukiondoa walio likizo na wagonjwa, na majina yenye kuingia na kutoka. Atabaki mtu mmoja au wawili wenye upande mmoja tu. Usiwajazie 14:00 kwa kukisia, hata kama malipo yanasubiri. Acha nafasi hiyo wazi, mpe mfanyakazi fomu aeleze alitoka saa ngapi na nani alimwona, na msimamizi aliyekuwa zamu hiyo atie sahihi yake chini ya maelezo hayo.